Oili chafu ya gereji: kutoka ngozi ya fundi hadi pipa la mkusanyaji

Ukipita Magongo asubuhi, au ukishuka feri Likoni ukaelekea Mtongwe, au ukipanda matatu ya Bombolulu hadi Kisauni, utaona jambo ambalo sasa halimshangazi mtu. Gari limeinuliwa kwa jeki, fundi amelala chini yake juu ya kipande cha katoni, nati ya sampu imefunguliwa, na oili nyeusi inachuruzika. Mara nyingine inaingia karaini. Mara nyingine inaingia mtungi uliokatwa ubavu. Na mara nyingine, tuseme kweli, inaingia mchangani. Ardhi ya pale imekuwa nyeusi na ngumu kama lami, na mvua ya masika ikinyesha huonekana rangi za upinde zikielea juu ya maji kuelekea mtaroni.

Huenda ukajiuliza daktari ana shughuli gani na oili ya gari. Jibu ni kwamba oili hiyo hunijia katika chumba changu cha matibabu. Hunijia ikiwa vipele kwenye mapaja ya vijana, ikiwa mikono iliyopasuka hadi kutoa damu, ikiwa mtoto aliyekunywa kutoka chupa ya soda isiyokuwa na soda, na ikiwa mama wa nyumba anayeuliza kwa nini maji ya kisima chake yananuka gereji hata baada ya kuchemshwa.

Kwanza tuelewe ni kitu gani hasa. Oili mpya ni mafuta ya madini yaliyosafishwa vizuri, yakachanganywa na viungo vya kuzuia kutu, kuosha masizi na kupunguza msuguano. Ikishakaa ndani ya injini kwa kilomita elfu kadhaa, huwa imebeba vitu vingine: masizi ya mwako, petroli au dizeli isiyoungua, maji, na chembe za chuma kutoka kwa sehemu zinazosuguana. Zamani ilikuwa pia na risasi nyingi, ile madini yenye sumu, kwa sababu petroli yetu ilitiwa risasi. Kenya iliachana na petroli hiyo ifikapo mwanzo wa mwaka 2006, kwa hiyo sumu hiyo imepungua sana. Wakazi wa Changamwe na Jomvu ambao wanakumbuka kisa cha Owino Uhuru wasichanganye mambo hapa. Risasi iliyowadhuru watu pale ilitoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, si kwa oili.

Kilichobaki ndani ya oili chafu, na ambacho hakikuondoka na risasi, ni kundi la kemikali zinazozaliwa kila kitu cha mafuta kinapoungua nusunusu. Kemikali hizo ni za ukoo mmoja na zile za masizi ya bomba la moshi. Historia yake katika udaktari ni ndefu. Mnamo mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuwa watu waliosafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani. Baadaye ugonjwa huohuo ukaonekana kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba huko Lancashire, ambao suruali zao zililowa mafuta ya mashine kila siku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri katika daraja la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na oili iliyotumika katika injini za petroli, ilipopakwa kwenye ngozi ya panya wa maabara, ilileta uvimbe wa saratani.

Sisemi haya ili kumtia mtu kiwewe. Fundi aliyechafuka kiganja mara moja akanawa hana sababu ya kukosa usingizi. Hatari hujengeka kwa miaka, pale ambapo ngozi ileile hulowa kila siku. Kinachonisikitisha ni kwamba njia kubwa ya kulowa si kazi yenyewe, bali ni tambara. Mtazame fundi yeyote: anapangusa mikono kwa tambara lenye oili, kisha analitia mfuko wa nyuma au wa mbele wa suruali. Tambara hilo hukaa pale kuanzia asubuhi hadi magharibi, likiwa moto kwa joto la mwili, limebanwa kwenye paja na kinena. Hapo ndipo ngozi ni laini kabisa. Kama kuna jambo moja tu ambalo fundi atalishika katika makala haya, basi na liwe kulitoa tambara mfukoni na kulitundika kwenye msumari.

Ugonjwa ambao mimi huuona mara nyingi zaidi si saratani, ni chunusi za mafuta. Hutokea kwenye mikono ya mbele na mapajani, pale ovaroli iliyolowa inaposugua. Huanza kama vidoa vyeusi kwenye vinyweleo, kisha vinakuwa vipele vyenye usaha. Vijana huona haya, hudhani ni maradhi ya zinaa, na hufika kwangu wakiwa wamekwisha kununua vidonge vya kila aina. Si maradhi ya zinaa, wala hayaambukizi. Na dawa haitafanya lolote ikiwa mgonjwa atavaa tena ovaroli ileile. Ovaroli ikifuliwa kila wiki, mbali na nguo za watoto, na fundi akioga na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, vipele hupungua kwa wiki chache.

Kuhusu kunawa, mafundi wengi hutumia petroli, mafuta ya taa au thina. Hizo hutoa oili, lakini hutoa pia mafuta ya asili ya ngozi, na ndiyo maana mikono hupasuka; oili ya kesho huingia kwa urahisi zaidi kupitia nyufa hizo. Njia bora ni kupaka mafuta kidogo ya kupikia mikononi, kusugua pamoja na unga wa mbao, kupangusa, halafu kunawa kwa sabuni ya kawaida na maji. Ni rahisi kuliko petroli. Na kidonda au baka gumu kama sandipepa lililo mkononi au sehemu za siri, ambalo halijapona kwa mwezi mmoja, lisipakwe kitu. Lionyeshwe kwa daktari.

Niguse pia dawa za mitaani. Bado kuna wazazi wanaopaka oili chafu kwenye mapunye ya mtoto, na wenye punda wanaoipaka kwenye vidonda vya mnyama. Upele unaweza kufunikwa, hata ukaonekana kutulia, lakini mtoto huyo anapakwa masizi na vyuma kichwani. Dawa ya mapunye ipo, na mara nyingi ni ya kumeza, si ya kupaka. Wengine hupaka oili kwenye nguzo na mbao za nyumba ili kuzuia mchwa. Mchwa hukimbia kwa muda, ni kweli, lakini nguzo hiyo ndiyo mtoto anayoishikilia akijifunza kusimama.

KISIMA HAKICHUJI

Sasa tuje kwenye maji. Likoni na Kisauni zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kale. Aliyewahi kuchimba kisima au choo huko anaujua: ni mwamba wenye vitundu na mapango madogo, maji hupita ndani yake haraka bila kuchujwa kama ambavyo yangechujwa na udongo mzito. Na kwa kuwa maji ya mfereji hayatoshi mjini Mombasa, watu wengi wa bara hizo hutegemea visima. Kilichomwagwa gerejini leo kina njia fupi ya kufika ndooni.

Inasemwa kwamba lita 1 ya oili huweza kuharibu lita milioni 1 za maji. Hesabu hiyo hutajwa na wataalamu wa mazingira wa Marekani, na inafaa ieleweke vizuri: maana yake ni kwamba maji hayo yataharibika ladha na harufu, si kwamba kila atakayeyanywa ataanguka. Pua ya binadamu huitambua oili kabla haijafika kiasi cha kumdhuru siku ileile. Kwa hiyo harufu ni onyo zuri, na usilipuuze. Oili huelea juu, na ndoo inapozama hubeba utando ule ukutani mwake. Kuchemsha hakuondoi. Dawa ya klorini, inayoua vijidudu vya kipindupindu, haiondoi. Kuchuja kwa kitambaa hakuondoi. Kisima kilichoanza kunuka mafuta kisitumiwe kwa kunywa na kupikia, na afisa wa afya ya umma wa mtaa aitwe aje achukue maji yakapimwe, kwa sababu chanzo huenda kikawa hata tangi la petroli linalovuja na si gereji.

Upande wa Changamwe mkondo ni mwingine. Mitaro ya huko huteremka kwenye vidole vya bahari, Port Reitz na Makupa, penye mikoko. Tumeshaona jinsi mikoko inavyoteseka mafuta yanapoifikia. Mwaka 1988 mafuta yalivuja kwa wingi kutoka kwa tangi na kuingia hori la Makupa, na mwaka 2005 meli ya mafuta ikavuja bandarini na kuchafua mikoko ya Port Reitz. Hayo yalikuwa mambo makubwa ya siku moja, na magazeti yakaandika. Mtaro wa gereji hauandikwi, maana unafanya kazi hiyohiyo kidogo kidogo kila siku.

GEREJI MOJA, WIKI MOJA

Ni kidogo kiasi gani? Tufanye hesabu ya gereji ya kukisia, yenye mafundi wanne, kando ya barabara ya Magongo. Tuseme kwa siku inahudumia matatu 2, kila moja ikitoa lita 6, na magari madogo 3, kila moja lita 4. Hizo ni lita 24 kwa siku, yaani 144 kwa wiki ya siku sita. Kwa kuwa Changamwe ni mji wa malori, ongeza malori 3 kwa wiki, kila moja lita 35. Hizo ni 105. Jumla inakaribia lita 250. Pipa la kawaida la chuma huchukua kama lita 210. Kwa hiyo gereji hii ndogo, ambayo haina hata ukuta, hujaza zaidi ya pipa moja kila wiki, na kwa mwaka hufika lita 12,000 na ushei. Sasa hesabu gereji zilizopo kati ya Makupa na Miritini.

Pipa hilo ndilo kiini cha habari yote, nami nataka tulikalie kidogo.

Pipa likijaa oili uzito wake hukaribia kilo 200. Halisogezwi na watu wawili bila mtu kuumia mgongo au pipa kupinduka. Kwa hiyo mahali litakapowekwa siku ya kwanza ndipo litakapobaki: pawe mahali ambapo gari la mkusanyaji linaweza kufika na kuvuta kwa pampu, mbali na kisima, mbali na mtaro, na mbali na anayechomelea. Oili ya injini haishiki moto upesi kama petroli, lakini oili chafu huwa na petroli ndani yake, na cheche za welding hazijui tofauti.

Chini ya pipa pajengwe hodhi dogo la saruji. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba hodhi liweze kubeba yote yaliyo ndani ya pipa, na sehemu moja ya kumi zaidi. Kwa pipa la lita 210 hiyo ni lita 231. Ukijenga mraba wa mita 1.2 kwa mita 1.2, ukuta wa sentimita 17 ungetosha kwa kubanabana. Jenga sentimita 20 upate nafasi. Ni mstari mmoja wa matofali uliolazwa na kupigwa plasta ndani vizuri. Usiweke tundu la kutolea maji chini, maana tundu hilo litatoa oili siku pipa likipasuka. Badala yake weka paa la mabati juu, ili mvua isiingie.

Paa lina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Pipa lililosimama wima, hata likiwa limefungwa vizibo vyake, hupumua. Mchana jua la Mombasa hulipasha moto, hewa ya ndani hupanuka na kutoka kupitia nyuzi za kizibo. Usiku linapopoa, hufyonza hewa irudi. Kama juu ya kifuniko pamesimama maji ya mvua, hayo ndiyo yanayofyonzwa. Fundi huapa kwamba hakutia maji, naye anasema kweli. Pipa limejinywea lenyewe. Pasipo na paa, pipa liinamishwe kidogo kwa kipande cha mbao, vizibo vikiwa pande za juu, ili maji yasisimame juu yake.

Lisijazwe pomoni. Acha nafasi ya vidole vinne, kwa kuwa oili nayo hupanuka kwa joto. Tumia faneli yenye wavu, na faneli isiachwe juu ya tundu. Liandikwe kwa rangi, herufi kubwa: OILI CHAFU YA INJINI. Hii si mapambo, maana kijana mpya wa gereji hatajua aulize nani kabla hajamwaga humo maji ya rejeta.

Filta pia ina oili. Itobolewe upande wa juu uliofumba ingali na joto, igeuzwe juu ya pipa, iachwe ichuruzike usiku kucha. Oili iliyomwagika chini ifunikwe kwa unga wa mbao, ikae, kisha izolewe na kutiwa gunia lake. Isioshwe kwa maji na sabuni, kwani kufanya hivyo ni kuipa tu mwendo wa haraka zaidi hadi mtaroni. Na mitungi mitupu ya oili mpya itobolewe kwa msumari kabla ya kutupwa. Kuna wajanja ambao huichukua ikiwa safi na lebo yake, wakaijaza oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, na kukuuzia wewe kama mpya. Ukinunua oili, tazama kwanza kama muhuri wa kifuniko haujaguswa.

USICHANGANYE

Jambo linaloharibu safari ya oili hii kuliko lolote ni kuchanganya. Fundi huona pipa moja la uchafu, na kila uchafu hutiwa humo: maji ya rejeta yenye dawa ya rangi ya kijani au nyekundu, mafuta ya breki, petroli ya kuoshea vyuma, thina ya mpiga rangi wa jirani, hata mafuta yaliyochoka ya muuza vibanzi. Oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zinaweza kukaa pamoja. Hivyo vingine havifai. Dawa ya rejeta hutengeneza gundi inayoziba mitambo ya kusafishia. Baadhi ya dawa za kuoshea breki na vyuma huwa na klorini, ambayo ikipashwa moto hugeuka asidi inayokula mitambo. Kikombe kimoja kikitosha kuchafua pipa, pipa likimwagwa kwenye tangi la lori huchafua lori zima.

Na kabisa usikubali mafuta ya transfoma, hata uletewe bure. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali ziitwazo PCB, ambazo ni miongoni mwa zile zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake. Hizo hukaa mwilini kwa miaka, hupita kwenye maziwa ya mama, na hakuna kinachoziondoa kwa urahisi.

Ukitaka kujua kama pipa lako limeingia maji, kuna kipimo cha zamani cha mafundi. Fanyia nje, mbali na pipa, ukiwa umevaa miwani. Pasha kifuniko cha bati juu ya jiko hadi kiwe moto sana lakini kisiwe chekundu, kisha dondosha tone moja la oili. Isiyo na maji hutanda kimya na kutoa moshi kidogo. Yenye maji hulia na kurukaruka kama samaki mbichi anapotiwa karaini. Mkusanyaji makini atafanya hivyohivyo, na pengine atachovya waya wa shaba na kuutia motoni kutazama kama mwali utakuwa wa kijani, dalili ya klorini. Akilikataa pipa lako, usimwone mchokozi.

AENDAPO MKUSANYAJI

Kwa sheria ya Kenya oili chafu ni taka ya hatari. Kanuni za usimamizi wa taka, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, na mzigo uandamane na hati ya kuufuatilia kutoka ulikotoka hadi uendako. Kwa hiyo kijana anayekuja na mkokoteni na mitungi mitatu, akilipa taslimu bila kuandika lolote, hakupelekei oili kiwandani. Huenda anaipeleka kwa anayepaka mbao za kumwagia zege, kwa anayewasha tanuru, au kwa wale wa mitungi yenye lebo.

Lakini hata mwenye lori na leseni, ni haki yako kumwuliza anapeleka wapi, kwa sababu neno "kusafisha" linatumiwa kwa mambo matatu tofauti. La kwanza ni kuchuja tu: maji na taka kubwa hutolewa, masizi na vyuma hubaki, na oili huuzwa kama kuni. Ikichomwa katika jiko dogo la kiwanda lenye bomba fupi, vyuma vile hutoka na moshi na kutua kwa majirani. Ikichomwa katika tanuru la saruji, ambamo joto la vitu vinavyookwa hufika kama nyuzi 1,450, kemikali za ukoo wa masizi huungua na vyuma vingi hubaki ndani ya saruji. Hizo si sawa kiafya, ingawa zote ni kuchoma.

La pili ni njia ya zamani ya asidi na udongo. Oili huchanganywa na asidi ya salfa, uchafu hushuka chini, kisha oili hupitishwa katika udongo maalumu na kutoka ya manjano na ya kupendeza. Tatizo ni kile kilichoshuka: tope jeusi, kali, linalounguza ngozi, ambalo nalo linatafuta pa kutupwa. Kiwanda cha namna hiyo humwondolea fundi taka na kumpa jirani wa kiwanda.

La tatu ndilo kusafisha upya kwa kweli. Msingi wake ni kwamba oili haichoki. Kinachochoka ni viungo vyake, na kinachoongezeka ni uchafu. Oili hupashwa moto kwanza maji na petroli zitoke. Kisha huingizwa katika mtambo ambao hewa imenyonywa, ili ichemke kwa joto la chini kuliko kawaida, kwani ikichemshwa wazi ingeungua na kuvunjika kabla haijageuka mvuke. Mvuke huo ukipozwa huwa oili ya msingi. Masizi, vyuma na viungo vilivyochoka hubaki chini kama kitu cheusi kinachofaa lami. Hatimaye oili hiyo hung'arishwa kwa udongo au kwa gesi ya haidrojeni, ndipo itiwe viungo vipya. Kati ya lita 100 zinazoingia, zipatazo 60 hadi 70 hutoka zikiwa oili ya msingi. Linganisha na hili: ili kupata lita 2 na nusu hivi za oili kutoka kwa mafuta ghafi, huhitajika karibu pipa zima la lita 159, kutoka kwa oili chafu, lita 4 zatosha.

Msomaji wa Changamwe atauliza kwa nini basi isipelekwe pale kwenye kiwanda chetu cha mafuta. Kiwanda kile, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilijengwa kwa ajili ya mafuta ghafi, na kiliacha kusafisha mwaka 2013; tangu hapo ni matangi ya kuhifadhia. Mtambo wa kusafisha oili upya ni kitu kingine, na hauendi bila mzigo mwingi, safi na wa kila wiki. Hapo ndipo mafundi wetu wanapokwama, maana mkusanyaji hatafuata pipa moja Kisauni na jingine Likoni kwa kuvuka feri. Afrika Kusini walilitatua kwa njia hii: mwaka 1994 kampuni za vilainishi zilianzisha taasisi iitwayo ROSE na kuichangia fedha, ili ukusanyaji ulipe hata pale oili ni kidogo. Hata huko, sehemu kubwa ya oili hugeuzwa kuwa mafuta ya kuchoma viwandani. Kwetu, gereji tano au sita za mtaa mmoja zikikubaliana kuwa na mapipa mahali pamoja, penye hodhi moja kubwa na paa, na mtu mmoja wa kushika daftari, huwa na mapipa matano kwa wiki badala ya moja, na hapo lori lina sababu ya kuja. Hodhi la mapipa mengi lisipungue uwezo wa kubeba robo ya jumla ya yote, wala lisipungue kile kipimo cha pipa moja nilichotaja.

Daftari lenyewe si gumu: tarehe, lita, namba ya gari, namba ya leseni ya mchukuaji, mahali pa kupelekwa, sahihi. Nakala ya hati ya kufuatilia ibaki gerejini. Afisa wa NEMA akija, hilo ndilo atakaloliomba kwanza.

Namalizia na lile la chupa ya soda, maana hutokea nyumbani kwa fundi zaidi kuliko gerejini. Oili ya kumwagia bawaba au cherehani isiwekwe kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa usiku mmoja. Mtoto akiwa amekwisha kuinywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Oili tumboni mara nyingi huleta kuharisha tu; hatari kubwa ni kuingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoipeleka huko, hasa ikiwa imechanganyika na petroli au mafuta ya taa. Mpanguse mdomo, mkalishe wima, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa sabuni. Kisha mpeleke hospitali iliyo karibu pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ainuse ajue kilichomo. Akianza kukohoa, kupumua haraka, kulegea au kusinzia, usingoje asubuhi.